Mistari ya chati haimjui mteja

"Nukta zote ziko ndani ya mistari ya chati ya udhibiti, kwa hiyo bidhaa zetu zote ziko sawa, au sivyo?"

Sivyo. Katika chati hii ya kufuatilia mchakato, aliyoipendekeza mwanatakwimu Mmarekani Walter Shewhart mwaka 1924, mistari hutokana na vipimo vya mchakato wenyewe: wastani, kisha sigma, yaani kipimo cha mtawanyiko wa vipimo, tatu juu na tatu chini. Matakwa ya mteja hayamo.

Chukua mashine inayojaza chupa kwa wastani wa mililita 500, sigma ikiwa 3. Mipaka ya chati itakuwa 491 na 509. Mteja anataka 495 hadi 505. Mashine inaweza kutulia kabisa, nukta isivuke mstari, na bado takriban chupa moja katika kila 10 ikataliwe (vipimo vikifuata mtawanyiko wa kawaida).

Udhibiti wa ubora ni kuzipima chupa hizo na kuziondoa. Gharama ya kuzijaza upya inarudi kila zamu. Uhakikisho wa ubora huanza mapema: kuthibitisha, kabla ya uzalishaji, kwamba sigma ya mashine haizidi 1.6 hivi, ili sigma tatu kila upande zitoshe ndani ya 495 hadi 505. Kuirekebisha mashine iliyotulia baada ya kila chupa, kosa ninaloliona mara nyingi, huzidisha tu mtawanyiko.