Je, wajua kwa nini anayekoroma anakata pumzi usiku, na presha inaingiaje hapo?

"Mume wangu ni dereva wa lori, siku akilala nyumbani anakoroma mpaka jirani anasikia, halafu ghafla kimyaa, namhesabia naona kabisa hapumui, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Asubuhi anaamka kachoka, kichwa kinamuuma, na presha haishuki japo dawa anameza. Hivi vitu vinahusiana? Na wanampimaje mtu akiwa amelala?"

Vinahusiana sana dada, na hicho kimya ndicho cha kuogopa kuliko hizo kelele. Mimi kazi yangu ni kuwafunga watu waya usiku na kusoma kilichoandikwa asubuhi, kwa hiyo ngoja nikuonyeshe kimya kimoja tu, mwanzo mpaka mwisho.

Bomba la hewa la shingoni lina pete ngumu kama za hose ya vacuum, halijikunji. Ila juu yake, pale nyuma ya ulimi na kidaka tonge, hakuna mfupa wala pete, ni nyama tupu, maana sehemu hiyo hiyo inabidi imeze ugali na itoe maneno. Ukiwa macho misuli inaishikilia iwe wazi, hasa msuli wa ulimi unaouvuta mbele. Ukilala misuli inalegea, na kwenye usingizi wa ndoto inalegea zaidi. Sasa unakumbuka zile barafu za ubuyu za kwenye nailoni? Ukinyonya kwa nguvu nailoni inajibana. Ndivyo koo linavyofanya: mtu anavuta hewa, mvuto wenyewe unazikutanisha kuta. Zikikaribiana zinapigapiga, huko ndiko kukoroma, zikigusana kabisa unapata kimya. Mwenye shingo nene yenye mafuta anajibana haraka, na aliyekunywa bia mbili tatu kabla ya kulala ni hivyo hivyo, lakini usidhani wembamba wamepona, kuna mtu mwembamba ambaye taya lake limerudi nyuma tu na ulimi hauna pa kukaa.

Haya, koo limefunga. Kifua hakijui, kinaendelea kuvuta, na ukimwangalia utaona tumbo linapanda wakati kifua kinashuka, vinapishana kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kila mtu upande wake. Oksijeni inaanza kushuka, kaboni dayoksaidi inapanda. Sekunde 20, 30, wengine hata dakika nzima. Mwishowe ubongo unapiga kengele: unamwamsha, ila kwa sekunde chache tu, kiasi cha misuli kukaza na koo kufunguka. Hapo ndipo unaposikia ule mkoromo kama wa mtu aliyeibuka majini, kisha analala tena na asubuhi hakumbuki kitu, atakuapia amelala kwa saa 8. Ni kweli kitandani amekaa saa 8, ila usingizi wenyewe umekatwakatwa kama kachumbari, ule mzito wa kupumzisha akaufikia kidogo tu. Ndio maana anasinzia kwenye daladala, kwenye kikao, na ubaya zaidi kwenye usukani.

Presha sasa. Ile kengele ya ubongo inakuja na adrenalini, mishipa inabana, moyo unakimbia, presha inaruka juu pale pale pumzi inaporudi. Mtu wa kawaida presha yake hushuka usiku kwa asilimia 10 au zaidi, ndiyo likizo ya mishipa. Huyu hana likizo, na ikirudiwa kila usiku kwa miaka mishipa inazoea kubana hata mchana, ndio unakuta mtu anameza dawa aina 3 na bado 160.

Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui. Kifua kikivuta dhidi ya koo lililofungwa kinatengeneza mvuto mkubwa ndani, damu inaingia kwa wingi upande wa kulia wa moyo na vyumba vya juu vinatanuka. Moyo unadhani mwili umejaa maji, unatuma homoni kwa figo: punguzeni maji. Kwa hiyo muulize mumeo anaamka mara ngapi kukojoa. Akisema mara 3 au 4, wanaume wengi wataishia kulaumu tezi dume, kumbe wakati mwingine shida iko kooni. Na hivyo vyumba vikitanuliwa hivyo kila usiku ni rahisi moyo kuanza kudunda ovyo bila mpangilio, na mdundo huo unagandisha damu, bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Maumivu ya kichwa ya asubuhi yanahusishwa na ile kaboni dayoksaidi iliyobaki mwilini, inatanua mishipa ya kichwa.

Kupima. Kwanza maswali, kuna fomu ya Epworth yenye hali 8, mfano una uwezekano gani wa kusinzia ukiwa abiria kwenye gari, kila moja pointi 0 hadi 3, ukizidi 10 unasinzia kuliko kawaida. Ila madereva wanadanganya kwenye hiyo fomu, wanaogopa leseni, siwalaumu, kwa hiyo mke ni shahidi mzuri kuliko mgonjwa.

Halafu usiku wenyewe. Kipimo kamili ni cha kulala hospitali: waya kichwani kusoma ubongo, pembeni ya macho na kidevuni, kimrija puani cha kuona hewa, mkanda wa kifua na wa tumbo, waya za moyo, klipu ya kidoleni ya oksijeni. Asubuhi tunahesabu. Hewa ikikatika sekunde 10 au zaidi ni tukio, hewa ikipungua sana na oksijeni ikashuka nalo ni tukio. Mikanda ndiyo inatuambia aina: ikiendelea kuvutana huku puani hakuna kitu basi koo limeziba, ikitulia yote ubongo ndio umesahau kutuma amri, huo ni ugonjwa mwingine. Na mstari wa oksijeni huwa unachelewa, unashuka baada ya pumzi kurudi, kwa sababu damu inasafiri kutoka mapafuni mpaka kidoleni, anayeanza kazi hii inamchanganya kweli.

Chukua mfano wa mtu mwenye matukio 198, amelala kwa saa 5 na nusu. Gawanya, unapata 36 kwa saa, kwenye ripoti inaandikwa AHI. Kuanzia 5 ni ugonjwa mdogo, 15 wa kati, 30 mkali. Huyu ni mkali. Sasa mpime nyumbani kwa kile kidude kidogo kisicho na waya za kichwani: hakijui ni saa ngapi alikuwa macho anageukageuka, kinagawa kwa muda wote kilichokaa mwilini, tuseme saa 7 na dakika 10. 198 hiyo hiyo inakuwa kama 28, ameshuka daraja. Na matukio ambayo yanamwamsha bila oksijeni kushuka hakiyaoni kabisa. Kwa hiyo kipimo cha nyumbani kikisema ndiyo, amini, kikisema hapana na wewe unaona anakata pumzi, omba kile kikubwa.

Akikutwa nayo, dawa yake kubwa ni mashine ya kusukuma hewa puani, alianza nayo daktari Colin Sullivan wa Sydney mwaka 1981, hewa inalishikilia koo kama puto. Kusinzia kunaisha haraka, presha inashuka kidogo tu, kwa wengi pointi 2 au 3, kwa hiyo vidonge asiviache.

Kabla ya kwenda mrekodi kwa simu dakika 5, taa ikiwa imewashwa, kamera ionyeshe kifua na tumbo, sio uso, na sauti isikike.