Chupa ya kusafisha injekta: inafika wapi, inaishia wapi

Chupa ya dawa ya kusafisha injekta, kifaa kinachopulizia injini mafuta, inayouzwa kwenye maduka ya vipuri huko Kisekka, Kampala, au kaunta ya kituo cha mafuta huandikwa mambo mengi: inasafisha, inaongeza nguvu, inapunguza ulaji wa mafuta, inatibu moshi. Kuna swali moja linalochuja sehemu kubwa ya madai hayo: je, petroli yenyewe inapita mahali palipo na uchafu? Dawa husafiri ndani ya mafuta. Mafuta yasipogusa mahali fulani, dawa nayo haipagusi.

Tuanze na lililo kweli. Gari likizimwa baada ya kukwama kwenye foleni ya Wandegeya, joto la injini hupanda hadi kwenye ncha ya injekta, na hakuna petroli mpya inayopita kuipoza. Petroli kidogo iliyobaki pale hupoteza sehemu yake nyepesi kwa kuvukiza, na sehemu nzito hugeuka ukoko mwembamba wa rangi ya kahawia, kama ule wa wali chini ya sufuria. Ukoko huo hupunguza mafuta yanayotoka na kuharibu mpuliko: badala ya ukungu laini yanatoka matone. Safari fupi fupi za mjini huujenga haraka kuliko safari ndefu.

Kemikali inayoondoa ukoko huo vizuri kuliko nyingine zinazouzwa kwa kazi hii ni polietha amini, na kwenye chupa huandikwa polyetheramine au PEA. Inavumilia joto la chumba cha mwako, kwa hiyo inasafisha bila kuacha mabaki mengi yake yenyewe. Chupa isiyotaja kilichomo hata kidogo usiitegemee. Baadhi ya hizo ni mafuta mepesi yanayokaribia mafuta ya taa, yaliyotiwa rangi na harufu.

Sasa tazama mfano wa Premio ya 1.5 yenye injini ya 1NZ-FE. Injini inatetemeka gari likisimama kwenye taa, na asubuhi inachelewa kutulia. Katika injini hii injekta hupulizia petroli nyuma ya vali za kuingiza hewa, kwa hiyo mafuta yanaosha injekta na vali pamoja. Kabla ya kununua chupa, fundi aunganishe mashine ya kuskani na asome marekebisho ya muda mrefu ya mafuta, yanayoonekana kama Long Term Fuel Trim. Tuseme yanaonyesha +12% injini ikiwa taratibu, na +13% ikishikiliwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Maana yake kompyuta inaona mafuta ni pungufu kuliko hewa, na inaongeza ili kufidia. Kama namba ingekuwa kubwa injini ikiwa taratibu tu, halafu ikashuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, hapo tungeshuku mpira wa hewa uliopasuka, na hakuna dawa ya tangi inayoziba mpira.

Kwa kuwa upungufu upo pande zote mbili, bado usiilaumu injekta. Safisha kihisi cha hewa kwa spirei yake maalumu, kisha pima shinikizo la mafuta. Katika injini hii linatakiwa liwe bar 3 na kitu kidogo. Likiwa chini, tatizo ni pampu au chujio lililo ndani ya tangi. Likiwa sawa, hapo ndipo chupa inapata kazi yake.

Kipimo ndicho kinachoharibiwa zaidi. Chupa nyingi za mililita 300 hutengenezwa kwa lita 40 hadi 60, na lebo ndiyo inayotoa neno la mwisho. Mwenye gari anayejaza mafuta ya shilingi elfu ishirini za Uganda kila siku anamimina chupa nzima kwenye lita nne hivi, na dawa inakuwa nzito mara kumi kuliko ilivyopangwa. Plagi zinaweza kuchafuka na injini ikakosa kuwaka vizuri. Mimina dawa kwanza, kisha jaza lita 40, ili petroli inayoingia iichanganye. Tumia tangi hilo mpaka libaki robo bila kuongeza, na kama una safari ya Masaka au Mbarara, ifanye wiki hiyo. Panga jambo hili kabla tu ya kubadilisha oili, kwa sababu sehemu ya dawa hupita pembeni ya pistoni na kuingia kwenye oili.

Baada ya hapo soma tena. Ikiwa namba imeshuka kutoka +12% hadi +4% na mtetemo umetulia, ukoko ndio uliokuwa tatizo. Ikiwa haijasogea baada ya matangi mawili, acha kununua chupa. Injekta zitolewe zipimwe kwenye mashine yenye mirija ya vioo, ambapo kila moja inapuliza kwa muda uleule na unaona kwa macho ipi imejaza pungufu. Injekta iliyokatika waya ndani haiponi kwa kemikali. Ikishathibitika safi, dawa mara moja kila kilomita 10,000 inatosha.

Swali lile la mwanzo linawakwamisha wenye injini za D-4, kama 1AZ-FSE iliyomo ndani ya baadhi ya Noah, Voxy na Premio za lita 2.0. Humo injekta hupuliza moja kwa moja ndani ya silinda. Dawa ya tangi inafika kwenye ncha ya injekta, lakini nyuma ya vali za hewa petroli haipiti kamwe, na ndiko masizi ya oili yanakojazana. Anayekuuzia chupa ya tangi akisema itasafisha vali za D-4 anakosea. Masizi hayo huondolewa kwa kufungua njia ya hewa na kuyakwangua au kuyapiga kwa maganda ya jozi yaliyosagwa.

Dai la kupunguza ulaji wa mafuta lina ukweli mwembamba: injekta iliyokuwa chafu ikisafishwa, unarudishiwa ulichokuwa unapoteza. Iliyo safi hairudishiwi kitu. Kuhusu dawa za kuongeza okteni, soma neno «pointi» kwa makini. Watengenezaji wengi huhesabu pointi moja kama sehemu moja ya kumi, hivyo «pointi 3» huitoa petroli ya 93 hadi 93.3. Na okteni haina uhusiano na usafi. Inazuia injini kugonga tu. Vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini, ambavyo bado kuna wanaovitumbukiza kwenye tangi, huacha masizi. Usivitie.

Kwa Hiace na pikapu za dizeli za komoni reli, ambamo bomba moja lenye shinikizo kubwa hulisha injekta zote, adui mkubwa ni maji. Shinikizo linaweza kupita bar 1,500, na tone la maji linaweza kukwaruza ncha ya injekta. Dawa inayochanganya maji na dizeli huyapitisha chujio yaende hukohuko, kwa hiyo taa ya chujio ikiwaka, fungua skrubu chini ya chujio, umwage mpaka itoke dizeli tupu. Na injini ikigonga na kutoa moshi, fundi aweke chupa ndogo kwenye bomba la marejesho la kila injekta na awashe injini dakika chache. Ile iliyojaza chupa yake kuzidi wenzake kwa mbali imelika ndani, na chuma kilicholika kinapelekwa kwa fundi wa injekta.