Je, kilo mbili za unga hutoa mikate mingapi?

"Nina kilo mbili za unga wa ngano. Nitapata mikate mingapi ya gramu 400, na kila mmoja unahitaji kopo la ukubwa gani?"

Utapata mikate saba na donge dogo litabaki, au minane ukiongeza unga kidogo, na kopo la kila mkate liwe la kujaa maji kama lita moja na kidogo hivi, yaani mililita 1,140. Majibu haya yote yanatokana na hesabu moja ambayo waokaji huifanya kabla hata ya kupasha tanuri.

Katika hesabu ya waokaji, unga ndio mia. Kila kitu kingine hupimwa kwa kulinganishwa nao, si kwa kulinganishwa na mchanganyiko mzima. Maji yakiwa asilimia 60, maana yake ni gramu 60 za maji kwa kila gramu 100 za unga. Wengi hushtuka wakijumlisha na kukuta jumla imepita mia, wakadhani wamekosea. Hawajakosea. Faida ya utaratibu huu ni kwamba unaweza kupunguza sukari au kuongeza maji bila kugusa namba nyingine hata moja. Kama kila kiungo kingekuwa sehemu ya mchanganyiko wote, kubadili kimoja kungelazimisha kupiga upya hesabu ya vyote.

Tuchukue mkate mweupe wa kawaida: unga 100, maji 60, sukari 6, mafuta 4, chumvi 2 na hamira kavu 1. Jumla ni 173. Namba hiyo ndiyo ufunguo, kwa sababu inasema kila gramu 100 za unga zitazaa gramu 173 za unga uliokandwa. Kwa kilo mbili unazidisha 2,000 kwa 1.73, unapata gramu 3,460. Ukitumia unga wa aina mbili, mweupe na usiokobolewa, zote mbili kwa pamoja ndizo mia.

Hapa ndipo wanaoanza hukimbilia kugawanya 3,460 kwa 400 na kujiahidi mikate minane na ziada. Nami niliwahi kufanya hivyo. Nilikata madonge ya gramu 400 kamili, na mikate ilipopoa mizani ikasoma 350 na kidogo. Tangu siku hiyo sigawanyi kabla ya kuondoa hasara mbili.

Hasara ya kwanza ni ndogo. Unga uliokandwa hung'ang'ania bakuli, mikono na meza, na hamira nayo hula sehemu ya sukari na kuigeuza hewa inayotoroka. Nahesabu asilimia 2, kwa hiyo gramu 3,460 zinabaki takriban 3,390.

Hasara ya pili ndiyo kubwa, nayo hutokea tanurini. Maji hugeuka mvuke, na mkate ukitolewa huendelea kuvuja mvuke hadi upoe kabisa. Kwa mkate wa kopo upungufu huwa kati ya asilimia 10 na 13. Mkate mdogo hupoteza zaidi kuliko mkubwa, maana eneo lake la nje ni kubwa ukililinganisha na uzito wake, na mkate uliokaa sana motoni hupoteza zaidi pia. Usichukue namba yangu kama sheria. Pima donge kabla ya kuliweka kwenye kopo, kisha pima mkate uleule ukishapoa. Donge la gramu 455 likitoa mkate wa gramu 400, umepoteza gramu 55, yaani asilimia 12, na hiyo ndiyo namba ya tanuri lako.

Kwa hiyo tunaanzia mwisho na kurudi nyuma. Mkate uliopoa wa gramu 400 ni asilimia 88 ya donge lake, na 400 ukigawanya kwa 0.88 ni kama 455. Sasa gawanya 3,390 kwa 455: unapata saba na karibu nusu. Mikate saba inachukua gramu 3,185, zinabaki kama 205, zinazotosha maandazi machache lakini si mkate.

Unaweza kuugawa mchanganyiko wote mara nane, kila donge gramu 424, lakini mikate itatoka na uzito wa kama 373. Kama uliahidi gramu 400, hiyo si njia. Njia safi ni kuuliza unga kiasi gani unahitajika kwa mikate minane. Mara nane ya 455 ni 3,640. Gawanya kwa 0.98 kurudisha hasara ya kukanda, inakuwa 3,714. Gawanya kwa 1.73, unafika gramu 2,147 za unga. Pima 2,150, na maji yawe asilimia 60 yake, yaani 1,290. Viungo vingine vinafuata vivyo hivyo. Gramu 150 tu za unga ndizo zilizokutenga na mkate wa nane.

Limebaki kopo. Vipimo vya rula hudanganya, kwa kuwa makopo mengi ni mapana juu na membamba chini. Weka kopo juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ujaze maji hadi ukingoni. Gramu moja ya maji ni mililita moja, hivyo uzito unaousoma ndio ujazo wa kopo. Likivuja kwenye kona, tandika mfuko wa plastiki ndani kwanza.

Kwa mkate mweupe unaookwa bila kifuniko, naanzia mililita 2.5 kwa kila gramu ya donge. Gramu 455 mara 2.5 ni takriban 1,140. Unga usiokobolewa huumuka kidogo, hivyo nashuka hadi karibu 2. Mkate wa kopo lenye kifuniko, ule wa pembe nne kamili, huhitaji nafasi zaidi, karibu 3.5, kwa sababu chembe zake hutakiwa kuwa nyepesi na kifuniko hakisamehi kilichozidi.

Ukikosea, mkate wenyewe utakuambia. Kopo likiwa dogo, donge hufurika na kuning'inia ukingoni kama uyoga, ubavu hupasuka, na katikati huweza kubaki mbichi ilhali juu kumeshaiva. Kopo likiwa kubwa, donge halifiki ukingoni hata likiumuka vizuri. Kuta huzuia joto lisifike ubavuni, na mkate hutoka mfupi, bapa, wenye pande zilizopauka. Wengi wakiona hivyo huilaumu hamira na kuiongeza, wakati tatizo ni nafasi.

Hesabu ya kopo ina mpaka wake. Ukichanganya zabibu kavu asilimia 30, jumla inapanda hadi 203 na idadi ya mikate inaongezeka, lakini zabibu haziumuki. Kwa kopo, mimi hutoa uzito wa zabibu kwanza, nazidisha donge lililobaki kwa 2.5, kisha naongeza mililita chache kwa ajili ya zabibu zenyewe, karibu sawa na gramu zake.