Trimapu na pikseli zilizo nusu nywele, nusu anga

Ukivuta karibu picha ya mtu mwenye nywele za kupeperuka, hadi kila pikseli ionekane kama kigae, utaona hakuna mahali nywele zinapokoma na anga kuanza. Kuna vigae vya kahawia iliyokolea, kuna vigae vya buluu, na katikati kuna vigae ambavyo si hiki wala kile. Unywele mmoja ni mwembamba kuliko pikseli, kwa hiyo kamera imechanganya nuru ya unywele na nuru ya anga ndani ya kigae kimoja na kuandika rangi moja tu. Kazi yangu ni kumkata mtu kutoka kwenye picha ili awekwe juu ya mandhari nyingine, na vigae hivyo vya katikati ndio wateja wangu wa kila siku. Ukiwakata kwa mkasi, ama unanyoa nywele, ama unabeba anga pamoja nazo.

Mchanganyiko huo huandikwa hivi:

```
I = αF + (1 − α)B
```

I ni rangi tunayoiona kwenye pikseli, F ni rangi halisi ya kitu cha mbele, B ni rangi ya kilicho nyuma, na alfa ni sehemu ya pikseli iliyofunikwa na kitu cha mbele, kuanzia 0 hadi 1. Fomula yenyewe ni nyepesi. Tatizo ni hesabu ya visivyojulikana: nyekundu, kijani na buluu zinatupa milinganyo mitatu, ilhali F ina namba tatu, B ina tatu, na alfa moja. Saba kwa tatu. Pikseli ikiwa peke yake haiwezi kutatuliwa, hata kompyuta iwe na nguvu kiasi gani.

Hapo ndipo trimapu inapoingia. Ni picha ya pili yenye ukubwa uleule, iliyopakwa rangi tatu: nyeupe panapojulikana kuwa ni mbele kabisa, nyeusi panapojulikana kuwa ni nyuma kabisa, na kijivu pasipojulikana. Kwenye nyeupe alfa ni 1, kwenye nyeusi ni 0, na hakuna cha kukadiria. Kazi yote iko ndani ya kijivu, na nyeupe na nyeusi zinageuka kuwa mashahidi wake.

Tuchukue pikseli moja ya kijivu yenye rangi (132, 136, 150), yaani nyekundu, kijani na buluu kwa hatua za 0 hadi 255. Kwenye nyeupe iliyo jirani tunaokota rangi ya nywele, (60, 40, 30). Kwenye nyeusi iliyo jirani tunaokota rangi ya anga, (180, 200, 230). Sasa fikiria rangi kama nukta katika nafasi ya pande tatu, kila nukta ikiwa na namba tatu za kuipata. Chora mstari kutoka anga hadi nywele, kisha uliza pikseli yetu imetembea umbali gani juu ya mstari huo. Jibu ni hili:

```
α = (I − B)·(F − B) / |F − B|²
```

I − B ni (−48, −64, −80), na F − B ni (−120, −160, −200). Zidisha namba zinazolingana, kisha jumlisha: 32000. Chini ya mstari wa mgawanyo kuna 80000. Alfa ni 0.4. Yaani unywele umefunika asilimia 40 ya kigae hicho.

Lakini nimejuaje kwamba jozi ile ndiyo sahihi? Tuseme ningeokota F kutoka mahali nywele zinapong'aa, (120, 90, 70). Fomula ingenipa alfa ya karibu 0.55. Nikichanganya upya kwa alfa hiyo napata takriban (147, 139, 142), si (132, 136, 150). Pengo ni hatua 17 hivi, nalo linaniambia kuwa pikseli yetu haiko juu ya mstari wa jozi hii. Mbinu za kuokota sampuli hufanya hivyo kwa jozi nyingi, kisha huchagua yenye pengo dogo.

Pengo dogo, hata hivyo, halitoshi, na hapa ndipo wengi wanaoandika programu zao kwa mara ya kwanza huteleza. Jaribu F ya (84, 72, 70). Pengo ni sifuri kamili, na alfa ni 0.5. Rangi hiyo iko juu ya mstari uleule, ila karibu zaidi na anga. Majibu mawili tofauti, yote yanalingana na pikseli bila kasoro. Hisabati ya rangi peke yake haiwezi kuamua. Kinachoamua ni mahali: sampuli iliyookotwa pikseli 5 kutoka hapa inaaminika kuliko iliyookotwa pikseli 80, na majirani ndani ya kijivu nao wana la kusema.

Hoja ya majirani ndiyo msingi wa njia ya watafiti Levin, Lischinski na Weiss ya mwaka 2006, ambayo mimi huanza nayo hadi leo. Wao hawaokoti jozi. Wanachukua dirisha dogo la pikseli 3 kwa 3 na kukisia kwamba ndani yake rangi za mbele ziko juu ya mstari mmoja, na za nyuma juu ya mstari mwingine. Dhana hiyo ikishika, alfa ndani ya dirisha inapanda na kushuka sambamba na rangi. Madirisha yanapishana, kwa hiyo kila moja linamfunga jirani yake, na alfa zilizojulikana kwenye nyeupe na nyeusi zinasambaa kuingia kijivu hadi zikutane. Mwishoni ni mfumo mmoja mkubwa wa milinganyo, unaotatuliwa kwa mkupuo.

Haya yote yanasimama juu ya ukweli wa mashahidi. Niliwahi kupokea trimapu ambayo kijivu kilikuwa uzi mwembamba unaofuata kichwa, na nywele zilizotoroka zikaachwa ndani ya nyeusi. Zilipotea zote, maana alfa ya 0 haijadiliwi. Mbaya zaidi, rangi za nywele hizo zikaokotwa kama rangi za anga, na nywele zilizobaki zikatoka na mabaka. Kijivu kipana mno nacho kina gharama: mashahidi wanakuwa mbali, na ukingo unageuka ukungu. Mimi hufanya kijivu kiwe chembamba begani, kipana kwenye nywele. Upana mmoja kwa mwili mzima ni uvivu unaoonekana.

Kuna kikomo ambacho trimapu nzuri haikivuki. Kamera ina kelele, yaani kuyumba kidogo kwa rangi kusikotokana na kitu kinachopigwa picha, na kosa la alfa ni takriban kelele hiyo gawanya kwa umbali kati ya F na B. Katika mfano wetu umbali ni 283, hivyo kelele ya hatua 4 inaleta kosa la 0.014, lisiloonekana. Nywele nyeusi mbele ya ukuta mweusi, umbali ukiwa 20, kelele ileile inaleta 0.2. Hapo nachora kwa mkono.

Alfa ikishapatikana, kazi bado. Weka pikseli yetu ya 0.4 juu ya karatasi nyeupe ukitumia rangi yake ya asili: unapata (206, 207, 213), kijivu chenye ubuluu. Ndio ule mwanga wa ajabu unaozunguka vichwa vilivyokatwa vibaya. Ukitumia F yenyewe unapata (177, 169, 165), rangi ya unywele mwembamba. Kwa hiyo F nayo lazima ikadiriwe. Kwa PyMatting, maktaba ya Python ya kazi hii:

```python
alfa = estimate_alpha_cf(picha, trimapu)
mbele = estimate_foreground_ml(picha, alfa)
```

Kabla ya kukabidhi kazi, naibandika juu ya nyeupe, kisha juu ya nyeusi. Juu ya nyeusi, pikseli ileile inatakiwa kuwa (24, 16, 12). Nikiona (53, 54, 60), najua anga bado imo.