"VAT inanila faida": hesabu inayokosewa dukani kila ikikaribia tarehe 20

Mwezi huu nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Aliweka daftari lake mezani akasema: "Mhasibu, hii VAT inanimaliza. Nimehangaika mwezi mzima, halafu natakiwa nilipe laki tisa. Faida yangu imeliwa."

Hakuna aliyemla faida. Ila daftari lake ndilo lililomwonyesha faida ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Tulifungua ukurasa wa Julai. Manunuzi: saruji na nondo, shilingi 23,600,000. Mauzo: 29,500,000, na mzigo wote umetoka. Chini ameandika kwa kalamu nyekundu: faida 5,900,000. Kosa liko hapo. Namba zote mbili zina VAT ndani yake, na yeye ameziandika kama zilivyo kwenye risiti.

Kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara cha asilimia 18, ile 23,600,000 ni mzigo wa 20,000,000 na kodi ya manunuzi 3,600,000. Ile 29,500,000 ni mauzo ya 25,000,000 na kodi ya mauzo 4,500,000. Faida ghafi kabla ya pango na mishahara ni 5,000,000, na ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Laki tisa anayoililia ni 4,500,000 ukitoa 3,600,000. Wateja wake walimpa 4,500,000 ili aifikishe serikalini. Yeye alikuwa ameshatanguliza 3,600,000 kupitia kwa msambazaji, kwa hiyo anajirudishia hiyo kwanza, na kinachobaki mkononi mwake si chake.

Ndiyo maana nasisitiza leja ya VAT isimame peke yake. Mzigo ukiingia: debiti manunuzi 20,000,000, debiti VAT 3,600,000, krediti msambazaji 23,600,000. Ukiuza: debiti fedha taslimu 29,500,000, krediti mauzo 25,000,000, krediti VAT 4,500,000. Mwisho wa mwezi leja ya VAT inabaki na krediti ya 900,000, yaani deni. Unawasilisha ritani na kulipa kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita: debiti VAT, krediti benki, leja inarudi sifuri. Kodi haikugusa manunuzi, mauzo wala faida.

Mimi huwaambia wateja wangu wafungue akaunti ya pili ya benki, na kila Jumamosi wahamishie humo makadirio ya kodi ya wiki. Mama huyu hakuwa nayo. Laki tisa ilikuwa imeshakwenda kwenye marumaru za dukani, na ndiyo sababu tarehe 20 ilimuuma.

Na tafadhali, VAT iliyo ndani ya bei haitolewi kwa kuzidisha bei hiyo kwa asilimia 18. Zidisha kwa 18, gawanya kwa 118. Ukichukua asilimia 18 ya 29,500,000 unapata 5,310,000, yaani 810,000 zaidi ya kodi halisi.

Wengine hudhani unaweza kujirudishia kodi ya manunuzi kwa mzigo uliouzwa tu. Hapana, VAT inafuata ankara, haifuati stoo. Tuseme Agosti ananunua mzigo wa 30,000,000, anauza wa 25,000,000, zote kabla ya VAT. Kodi ya manunuzi ni 5,400,000, ya mauzo 4,500,000. Hana cha kulipa mwezi huo, na ziada ya 900,000 inasogezwa mbele kupunguza deni la miezi inayofuata, hata kama nusu ya saruji bado imepangwa ukutani.

"Mteja hajanilipa, kwa hiyo VAT bado." Ukishatoa ankara ya kodi au kukabidhi mzigo, kodi imeshaingia kwenye mwezi huo, deni lilipwe au lisilipwe. Anayeuza kwa mkopo wa siku 60 analipa kodi kutoka mfukoni kwake, na alipaswa kulijua hilo wakati wa kupanga bei.

"Risiti yoyote inatosha." Risiti ya EFD ya muuzaji asiyesajiliwa VAT haina kodi ya kudai. Hata aliyesajiliwa, hakikisha ankara ina jina lako, TIN yako na VRN, yaani namba yako ya usajili wa VAT, kabla hujatoka dukani kwake. Una miezi sita ya kuidai kodi hiyo tangu tarehe ya ankara, basi. Gari dogo la kutembelea usilihangaikie. Kodi yake hairudi, isipokuwa kama biashara yako yenyewe ni kuuza au kukodisha magari.

"Sikuuza kitu, siwasilishi ritani." Unawasilisha, ikiwa na sifuri. Ukikaa kimya, kinachokuja ni adhabu, na hiyo ndiyo inayotoka kwenye faida yako kweli.