Je, wajua kwa nini bega la mtoto hutoa usaha wiki kadhaa baada ya BCG, chanjo ya kifua kikuu?

"Manesi, mwanangu alichomwa BCG hapo kwenu siku ya pili baada ya kuzaliwa. Jana katimiza wiki sita na bega linatoa usaha. Mlitumia sindano chafu? Na mbona mtoto wa jirani hana hata alama? Nijibuni hadharani, wenzangu nao wasikie."

Mama, tunakujibu hadharani kama ulivyotaka, ila jina la mtoto na namba ya kadi ulizoandika tumeziondoa. Wala hatutasema hapa kama mtoto huyo yumo kwenye daftari letu au hayumo. Kusema tu "ndiyo, tunamfahamu" tayari ni kutoa habari zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka habari za afya kwenye fungu la taarifa nyeti, na mtoto wa wiki sita hawezi kutuambia kama ameridhia. Kwa hiyo yafuatayo yanamhusu mtoto yeyote aliyechomwa BCG.

Chanjo hii ina bakteria walio hai. Ni ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, wa aina inayowapata ng'ombe, ambao Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, waliwaotesha na kuwahamisha kutoka chombo hadi chombo mara 230, kwa miaka 13, mpaka wakapoteza makali. Mtoto wa kwanza alipewa mwaka 1921 jijini Paris, tena kwa kunyweshwa. Siku hizi mtoto wa chini ya mwaka mmoja huchomwa mililita 0.05, ambayo ni kama tone moja la maji, na tone hilo huwekwa ndani ya ngozi yenyewe, halivuki kwenda kwenye nyama. Hapa Tanzania ni bega la kulia. Kenya wanachoma mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, kwa hiyo ukimkagua mtoto aliyezaliwa Mombasa usihangaike na bega.

Sasa shika kalenda, maana jibu la swali lako limo humo. Bakteria wa jipu la kawaida, wale wanaoingia kwa uchafu, huongezeka mara mbili kila baada ya nusu saa hivi. Wakipenya kwenye ngozi, siku mbili tatu tu utaona: mahali pa sindano panakuwa pa moto, panavimba, panauma, mtoto analia ukipagusa na huenda akawa na homa. Bakteria wa BCG ni wazito. Kujigawa mara moja kunawachukua karibu siku nzima, na kinga ya mtoto nayo huchukua wiki kadhaa kuwatambua na kuwakusanyia askari. Vita inapoanza, ngozi iliyo juu yake hupasuka. Ndiyo maana usaha wa BCG huja wakati mama ameshaisahau sindano.

Tuchukue mtoto wa mfano, ambaye hayumo kwenye daftari lolote. Amechomwa tarehe 3 Machi. Papo hapo kimeinuka kiuvimbe cheupe chenye vitundu kama ganda la chungwa, na kabla mama hajafika nyumbani kimeshanywea. Siku nyingi zinapita bega likiwa safi. Karibu na tarehe 20 kinatokea kipele chekundu, kigumu kidogo. Mwanzoni mwa Aprili kimelainika, kimetumbuka, kinatoa usaha kidogo, na upana wake haufiki sentimita moja. Mtoto ananyonya, analala, hana homa. Tarehe 14 Aprili anakuja kwa chanjo za wiki sita, mama anarudi nyumbani na kidonda cha bega, na lawama zote zinaangukia sindano za mapajani, ambazo hazihusiki kabisa. Kidonda hukauka, hutumbuka tena, hukauka. Kufikia Juni limebaki kovu dogo.

Katika muda huo wote dawa yake ni kutokitibu. Osha kwa maji safi unapomwogesha, kausha, mvalishe nguo isiyobana. Kama kinachuruzika, kifunike kwa kitambaa safi kilicholegea. Usikamue, usipake dawa ya meno, majivu, spiriti wala ile poda ya kapsuli watu wanayofungua na kunyunyizia. Vidonda vingi tunavyoletewa vikiwa vibaya kweli vilianza vizuri, vikaharibiwa na tiba.

Hatusemi kwamba mhudumu hawezi kukosea. Kosa linalojulikana zaidi ni sindano kupita ndani mno, chini ya ngozi. Dalili yake unaweza kuiona mwenyewe siku ileile: kile kiuvimbe cha ganda la chungwa hakitokei. Baadaye huweza kutunga jipu kubwa kuliko kidonda cha kawaida. Kuhusu uchafu, sindano za BCG zinajifunga baada ya kutumika mara moja. Panapohitaji uangalifu zaidi ni kichupa, kwa kuwa kimoja kina dozi 20 na hakina dawa ya kuzuia vijidudu. Kikishachanganywa, kinachobaki hutupwa zikipita saa sita tangu kuchanganywa, au kazi ya siku ikiisha, hata kama ni dozi 15. Wengine mnakasirika mkiambiwa mrudi siku ya BCG. Sababu ni hiyo.

Usisubiri kadi ikuite kama palivimba na kuwa pa moto ndani ya siku chache za mwanzo, kama kidonda kinazidi kupanuka kupita sentimita moja au miezi mitatu imepita hakijafunga, au kama kuna mtoki kwenye kwapa la upande uliochomwa. Mtoki mdogo, mgumu, usiouma, mara nyingi huisha wenyewe. Uliofikia ukubwa wa gololi, au unaolainika katikati, lazima uonwe. Vivyo hivyo mtoto mwenye homa isiyokwisha au asiyeongezeka uzito. Na kidonda kikitokea upesi mno, ndani ya wiki ya kwanza, tutataka kujua kama nyumbani kuna mtu anayekohoa kwa muda mrefu, maana huenda mtoto alishaambukizwa kifua kikuu.

Hapo ndipo jibu la hadharani linapoishia. Ili kusema neno juu ya mtoto mmoja, tunahitaji uzito wake, tarehe ya sindano, namba ya kichupa, habari za watu anaoishi nao na vipimo vya mama vya wakati wa ujauzito, maana mtoto mwenye kinga dhaifu huangaliwa kwa namna nyingine. Tunamuuliza hayo kila mama anayekuja na bega la BCG, kwa hiyo usihisi umetengwa ukiulizwa. Njoo na kadi asubuhi yoyote ya siku za kazi, useme tu dirishani "nimekuja kuonyesha bega". Mengine tutaongea chumbani.

Kuhusu mtoto wa jirani, habari zake ni za mama yake. Kwa jumla, wapo watoto wanaochanjwa sawasawa na bega likabaki bila alama, na Shirika la Afya Duniani, tangu waraka wake wa 2018, halishauri kurudia chanjo kwa sababu tu kovu halionekani. Akitaka, naye aje na kadi yake.