Tokeni haiko nimero ya karte iliyofichwa

Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kwa mtu anayeuza programu za maduka hapa Lubumbashi: eti tokeni, ile nimero inayosimama pahali pa nimero ya karte ya banki wakati wa kulipa, ni nimero ya karte ambayo wameifunga tu, mwenye ufunguo anaifungua. Hapana jamani. Na si kubishana maneno tu, ju watu wanaoamini hivyo wanakosea mpaka kwenye kaunta, nimeona kwa macho.

Kliya mmoja anaishi Ubelgiji, alikuja mukini, akalipa hoteli dolari 120 kwa kugusisha telefone kwenye mashini. Kesho yake safari ikabadilika, akaomba arudishiwe feza, akatoa karte yenyewe. Kesiye akaangalia resu, akaangalia karte, akaanza kumwangalia yule papa kama mwizi. "Papa, hii karte haiko yako, nimero hazifanane." Mambo yalikuwa hivi (nimero ni za mfano):

```
karte : 4111 1111 1111 1111
resu  : **** **** **** 3478
```

Kesiye hakudanganya, kweli hazifanane, na hazitakiwi kufanana. Siku ile papa aliweka karte yake ndani ya telefone, mtandao wa karte (Visa, kwa mfano) ulichukua nimero nyingine kwenye fungu lililotengwa kwa ajili ya tokeni, tuseme 4895 3700 1200 3478, ikaandika kwenye daftari lake kwamba hii inasimama pahali pa ile. Tokeni iko na tarakimu 16 na inapita hesabu ya kuhakikisha nimero kama karte yoyote, ndiyo maana mashini zetu za zamani zinaipokea bila kujua kitu. Lakini hakuna hesabu inayotoka 3478 kurudi 1111. Ni kama jetoni wanakupa mlangoni ukiacha sakoshi: jetoni 47 haikuambii ndani kuna nini, hata uiangalie mwaka muzima, jibu liko kwa yule anayelinda rafu. Kitu kilichofungwa kwa ufunguo kinabeba siri yake ndani, unaweza kukiiba leo ukakihangaikia polepole. Tokeni haibebi kitu.

Sawa, mutu ataniuliza, si mwizi akachukue tu 3478 yote nzima alipie nayo? Ajaribu. Ile tokeni imefungiwa kwa telefone ile moja, na kila malipo yanatoka na kriptogramu, alama ya mara moja ambayo telefone inatengeneza kwa ufunguo wake pamoja na kiasi cha feza, hesabu ya malipo yaliyopita na nimero ya bahati ambayo mashini imetoa dakika ile. Tokeni bila kriptogramu inakataliwa, na kriptogramu ya jana leo haipiti.

Tokeni za butiki za mtandaoni ni ndugu lakini haziko pacha, na hapa nitapita haraka. Kampuni inayokupokelea malipo inabaki na karte, wewe mwenye butiki unabaki na neno kama `tok_8fQ2x`, linalofanya kazi kwa konti yako peke yake. Mtu akiiba daftari lako la wakliya, haendi nalo butiki nyingine. Lakini akiiba pia ufunguo wa siri wa konti yako, anaweza kuagiza malipo kwa jina lako, na watu wengi wanauacha ndani ya kodi ya programu yao, wazi. Tena akipandikiza skripti, programu ndogo ya wizi, kwenye ukurasa wa kulipia, anakopi nimero wakati kliya anaiandika, kabla haijawa tokeni. Hapo tokeni haisaidii kitu.

Na niseme kweli yote: kuna mifumo isiyo na daftari, inatengeneza tokeni kwa hesabu na ufunguo. Kwa mifumo hiyo, yule muuza programu ana haki nusu, mwenye ufunguo anarudi nyuma. Sipendi zote ziitwe jina moja, ju ukinunua unapaswa kuuliza ni ipi. Hata zenye daftari zinanipa wasiwasi wake: siri iliyokuwa imetawanyika kwa maduka elfu sasa imekaa nyumba moja.

Yule papa nilimwambia afungue karte ndani ya telefone, kwenye maelezo yake. Pale kulikuwa na nimero mbili, ya karte inaishia 1111, ya kifaa inaishia 3478. Kesiye akaweka resu kando ya skrini, akanyamaza. Akafungua malipo ya jana kwenye mashini, akachagua kurudisha, papa akagusisha telefone ileile, na mtandao wenyewe ukatafuta kwenye daftari feza ziende karte gani. Angerudishia karte ya plastiki, mashini ingeona nimero ambayo haikulipa kitu pale, na banki inaweza kukataa.

Sasa pale kaunta wamebandika karatasi: kliya aliyelipa na telefone, arudishiwe na telefone.